Nimekataliwa kwa Jina la Mpwa Wangu

Nani alisema kompyuta ya sebuleni ni yangu? Risiti ninayo, umeme nalipa mimi, lakini asubuhi ya kikao cha kazi kivinjari kimeniandikia `You can't join this video call`, kisha kimya. Mwenyekiti anapiga simu: "Kaka, mbona hatukuoni?" Mtanionaje, na humu ndani najulikana kama mwanafunzi wa kidato cha pili?

Ni mpwa wangu, aliyekuja likizo. Alifungua kivinjari akaingia kwa akaunti ya shule, mimi nikaingia na yangu baadaye. Basi aliyetangulia ndiye mwenye nyumba. Linki ya Google Meet iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp ikibonyezwa, inafunguka kwa jina lake, na hakuna anayeniuliza mimi. Angekuwa na akaunti ya kawaida ningepata kitufe cha `Ask to join`, nikabisha hodi, mwenyekiti akanifungulia. Lakini msimamizi wa akaunti za shule anaweza kuwazuia wanafunzi wasiingie vikao vya nje. Hata hodi sikupewa. Simlaumu mlinzi wa geti anayesoma kitambulisho alichoonyeshwa.

Kwenye kundi, mtaalamu mmoja (kila kundi lina wake) akaandika: "Toka halafu uingie upya." Usimsikilize. Ukibonyeza kutoka, zinatoka akaunti zote kwa pamoja, ya kwako na ya mtoto. Utaanza kutafuta nywila, kisha tarakimu zinatumwa kwenye simu, na simu ameondoka nayo mama watoto sokoni.

Kinachofanya kazi ni kuangalia kwanza ukurasa wa kujiunga: anwani ya barua pepe imeandikwa hapo, na karibu yake kuna `Switch account`. Kama umeshakataliwa, rudi kwenye linki yenyewe, uongeze mkia:

```
https://meet.google.com/abc-defg-hij?authuser=1
```

Akaunti zinahesabiwa kuanzia sifuri. Mpwa ni 0, mimi ni 1. Ingekuwepo ya shangazi yake, angekuwa 2. Linki ikiwa tayari ina alama ya kuuliza, mkia unaanza na `&`. Utajua umefaulu ukiona anwani yako mwenyewe juu ya kitufe cha kujiunga, hata kabla kamera haijawaka.

Niliingia wakiwa kwenye mengineyo, nikapangiwa kazi ambayo wenzangu wote walikuwa wameshaikwepa.

Jioni nikamtengenezea kijana wasifu wake kwenye kivinjari, wenye dirisha lake na akaunti yake, tusikutane tena mlangoni. Akautazama, akaniuliza: "Mjomba, kwani huu wa kwako hauwezi kuhamia huko, mimi nikabaki hapa? Nimeshauzoea."