Usaili Saa Nne, Maji Jangwani

Mto Msimbazi haujali kwamba umepiga pasi shati. Ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na aliye Magomeni hubaki huko huko. Ndiko daladala yetu ilikozima injini saa mbili na nusu asubuhi, nami nina usaili Posta saa nne, nafasi ya mhasibu msaidizi.

Nikatoa simu niombe kusogezewa muda. Lakini ndani ya daladala mtu haandiki ujumbe peke yake. Konda akachungulia begani pangu. "Kaka, andika umefiwa. Msiba hauulizwi."

Huulizwa sana. Na siku ukifiwa kweli ukiwa umeshaajiriwa, utamzika nani ambaye hukumzika?

Mama aliyepakata ndoo ya samaki akapendekeza tumbo la kuendesha. Ugonjwa ni udhuru halali kwa anayeumwa, ila hata yeye kusema "naumwa, niko hospitali" kunamtosha. Ofisa utumishi hana haja na habari za chooni. Kijana wa siti ya nyuma yeye alitaka nitume video ya mafuriko, kana kwamba Posta mvua hainyeshi.

Nikawashukuru wote, nikaanza na jina langu kamili, kisha:

"Habari za asubuhi. Nina usaili leo saa 4:00 asubuhi, nafasi ya mhasibu msaidizi. Barabara imefungwa Jangwani kwa mafuriko, nami nipo Magomeni. Sitaweza kufika kwa wakati. Naomba, ikiwezekana, nije leo saa 8:00 mchana au kesho asubuhi. Samahani kwa usumbufu. Napatikana kwa namba hii."

"Mbona hujaweka Mungu akipenda?" mama akauliza. Nikamwahidi nitaisema kwa mdomo.

Jina na nafasi nilivitanguliza kwa sababu ofisa ana orodha ndefu ya wasailiwa, na namba yangu kwake ni namba tu. Nyakati mbili nilizitaja ili achague, kwani ukiuliza "nije lini tena?" umempa kazi ya kukupangia ratiba. Na ujumbe niliutuma kabla ya saa tatu, maana ikishapita saa nne hilo si ombi tena, ni maelezo ya mtoro.

Dakika zikapita, ujumbe haujasomwa. Ujumbe usiosomwa haujamfikia mtu, kwa hiyo nikapiga. Mama akawakemea abiria: "Nyamazeni, anaongea na kazi!" Wote wakanyamaza isipokuwa konda, aliyeendelea kuita "Kariakoo, Kariakoo!" kwa mazoea, gari likiwa haliendi popote.

Dada wa upande wa pili akanipa kesho saa tatu. Nikamwandikia papo hapo: "Asante. Nitafika kesho saa 3:00 asubuhi." Hivyo hakuna wa kusema alisikia saa tisa.

Nawe uliyeomba udhuru wa ugonjwa, tafadhali, jioni hiyo usiweke mishikaki kwenye status. Namba yako ofisa ameshaihifadhi.