Muulize Dani: Jua Lasema Kaa, Mwezi Wasema Mbuzi

Dani wa Kibuye,
Nimezaliwa Dunga tarehe 17 Julai 2000. Kwa jua mimi ni Kaa: mtu wa nyumbani, machozi karibu. Lakini mchumba wangu ameniwekea apu ya nyota kwenye simu, nayo inasema mwezi wangu uko Mbuzi: moyo mkavu, hesabu kwanza. Sasa kila nikiuliza bei ya kitu ananiambia, “Huyo ni Mbuzi wako.” Mama alisema nilizaliwa saa mbili, nami nikaandika hivyo hivyo. Nifuate jua au mwezi?
Akinyi

Mjukuu wangu, kabla ya kutafuta mwongo kati ya jua na mwezi, nimekitazama kwanza kidole chako. Uliandika 2:00, sivyo? Saa mbili ya mama yako ni saa ariyo ya sisi sote hapa ziwani, jua likiwa limekwisha kupanda na chai imekwisha kunywewa. Apu haikulelewa Dunga. Ukiiandikia 2:00 inaelewa saa nane za usiku, mbwa peke yao wakiwa macho. Ulipaswa kuandika 8:00.

Kwa jua, kosa hilo si kitu. Jua hukaa kwenye buruji moja siku kama 30, kwa hiyo tarehe 17 Julai ni Kaa, uwe umezaliwa usiku au mchana. Mwezi ndio mtembezi. Huenda takriban nyuzi 13 kwa siku na kuhama buruji kila baada ya siku mbili na kitu. Hivyo saa sita ulizopoteza zinausogeza nyuzi tatu hivi. Mara nyingi nyuzi tatu hazibadilishi jibu, kwa kuwa mwezi unakuwa katikati ya buruji. Wako ulikuwa mlangoni. Alasiri ya tarehe 16 ulikuwa mpevu ndani ya Mbuzi, tena ukapatwa, na alfajiri ya tarehe 17, kama saa kumi na nusu kwa saa za Kenya, ukavuka kuingia Ndoo. Saa nane usiku ulikuwa bado Mbuzi. Saa mbili asubuhi ulikuwa umeshavuka.

Na shahidi unaye tangu siku hiyo: jina lako. Akinyi ni mtoto wa asubuhi. Ungezaliwa saa nane usiku, nadhani nyanya yako angekuita Atieno au Aduor. (Yapo majina ya kurithi kutoka kwa marehemu, hayo hayashuhudii saa. Muulize mama kama lako ni la kurithi.) Mwingine mwenye shaka kama yako aandike saa zote mbili, ile ya apu na ile ya mama. Buruji isipobadilika, hana kesi.

Sasa mgongano umebaki, ila ni wa Kaa na Ndoo. Wanajimu hawachanganyi ishara mbili kama maziwa na maji wapate mtu wa wastani. Jua wanalisoma kuwa nia, kile unachojitahidi kuwa; mwezi ni mazoea, unachofanya ukishtuka au ukichoka. Kwa Kaa wanaongeza jambo: mtawala wa Kaa ni mwezi wenyewe, kwa hiyo neno la mwezi lina uzito zaidi kwako kuliko kwa mtu wa Simba. Wangekusoma hivi: unawapenda watu wako kupita kiasi, lakini jambo likikufika unasimama kando na kulitazama. Msibani unawapikia wageni chai bila chozi, kisha wiki mbili baadaye unalia kwa sababu sufuria imeungua.

Umejiona humo? Hata jirani yako angejiona. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati ya mtu na maelezo matatu ya tabia, wachague yaliyo yake. Walipata kama moja kwa tatu, sawa na anayebahatisha.

Kwa hiyo rekebisha saa, umwonyeshe mchumba kwamba Mbuzi hayupo, halafu endelea kuuliza bei. Na yeye aliandika saa ngapi?

Dani,
Mume wangu anavua omena Usenge. Jua Simba, mwezi Samaki. Mbona kila mbalamwezi ananuna na hatoi pesa ya matumizi? Ni Samaki huyo?
Mama Watoto

Mama, ni samaki kweli, wale wadogo. Omena hufuata taa gizani. Mwezi ukijaa, taa ya mashua haiwavuti, na wavu hurudi mwepesi. Siku ya saba baada ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza karibu saa sita usiku, na giza la kuvulia limerudi. Mdai matumizi wiki hiyo.