Uainishaji wa Mwombaji Mkopo Asiyesoma Mwongozo

Wataalamu wa viumbe wameshughulika na mende, konokono na hata fangasi wa mihogo, lakini hakuna aliyemgusa kiumbe mmoja anayejitokeza Tanzania nzima kila mwaka kati ya Juni na Agosti, kisha hutoweka hadi msimu ujao. Huyu ni mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu ambaye hajasoma mwongozo. Hupatikana kwa wingi kwenye steshenari zilizo jirani na stendi, hasa jioni. Hutembea na bahasha ya kaki iliyojaa vyeti, na mlio wake ni mmoja kuanzia Bukoba hadi Mtwara: “Kaka, nijazie fasta, nawahi gari.” Makala hii inajaribu kuziba pengo hilo la kitaaluma.

Kwanza mazingira anamoishi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi 2005. Kila msimu hutoa mwongozo wa maombi, ambao siku hizi hupatikana pia kwa Kiswahili, na kuupakua ni bure. Maombi yenyewe hufanyika kwenye mfumo wa OLAMS na ada yake ni shilingi 30,000, nayo hairudi mfukoni ikishatoka. Mtafiti makini ataona hapa jambo la ajabu: kiumbe wetu hupita kando ya kitu cha bure na kuanza na kile cha kulipia. Nadharia kadhaa zimetolewa kuhusu tabia hii. Iliyo na wafuasi wengi ni kwamba mwongozo una kurasa nyingi, ilhali kontrol namba ina tarakimu chache.

Kabla ya kuwaainisha waombaji ni lazima tuainishe masharti, maana bila hivyo hatutajua nani kaangukia wapi. Masharti ya mwongozo ni ya aina tatu, ingawa mwongozo wenyewe haujayapanga hivyo. Yapo masharti ya mtu: uwe Mtanzania usiyezidi miaka 35, uwe umehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, uwe umedahiliwa chuoni, usiwe na mfadhili mwingine anayekusomesha. Yapo masharti ya karatasi, yaani vyeti na saini. Na yapo masharti ya mfuatano, yanayosema lipi litangulie lipi.

Masharti ya mtu hayana rufaa. Aliyehitimu kidato cha sita miaka saba nyuma hawezi kurudi kuhitimu upya ili alingane na mwongozo, hivyo kwake dakika kumi za kusoma zina thamani ya shilingi 30,000 kamili. Masharti ya karatasi yanasumbua lakini yanatibika. Msimamo wa makala hii ni kwamba maangamizi makubwa yanatokana na aina ya tatu, kwa sababu sharti la mfuatano haliulizi kama unacho kitu. Linauliza ulikipata lini. Na mfumo hauna sauti ya kukukemea pale unapokosea.

Sasa tuje kwa waombaji wenyewe.

Mrukafomu ndiye spishi ya kale kuliko zote na maelezo yake ni mafupi. Hufungua akaunti siku hiyo hiyo dirisha linapofunguliwa, akalipa, kisha akaanza kuuliza nini kinahitajika. Hana madhara kwa wengine.

Msimuliwa hupata elimu yake kwa binamu aliyepata mkopo. Binamu hasemi uongo, ila anasimulia ya kwake: yeye alizaliwa Tanga, wazazi wake wote wapo hai, na hakuwahi kurudia mtihani. Kwa mtu aliyezaliwa Pemba, simulizi hiyo inamwelekeza RITA, wakati cheti cha aliyezaliwa Zanzibar huhakikiwa na wakala wa huko huko Zanzibar, ZCSRA. Msimuliwa hugundua tofauti hiyo akiwa tayari kwenye foleni isiyo yake.

Spishi ya tatu inastahili nafasi kubwa zaidi. Tunaiita Msoma-Vichwa. Huyu mwongozo anao, tena ameuhifadhi kwenye simu, na ukimuuliza kama amesoma atakujibu kwa uso mkavu kwamba amesoma. Na kweli amesoma maandishi yote yaliyokolezwa wino. Ameona “cheti cha kuzaliwa”, akakumbuka kwamba cheti anacho tangu darasa la kwanza, akaweka alama ya vema. Sentensi iliyofuata, yenye maandishi ya kawaida, ilisema cheti hicho kiwe kimehakikiwa. Uhakiki ni safari nyingine kabisa: unaingia kwenye mfumo wa RITA, unapakia nakala, unalipia, kisha unasubiri ilinganishwe na daftari la usajili hadi upewe namba ya uhakiki. Ni namba hiyo ambayo fomu ya mkopo huiulizia. Wanaoomba Juni huisubiri bila presha. Wanaoanza wiki ya mwisho ya Agosti huisubiri pamoja na Msoma-Vichwa wote wa nchi nzima. Hali ni nzito zaidi kwa yatima, ambaye cheti cha kifo cha mzazi nacho kinatakiwa kupita njia hiyo hiyo. Asipokipitisha, uyatima wake unabaki maneno matupu mbele ya mfumo unaopanga nani mhitaji zaidi.

Tuchukue mfano wa kutunga ili tuone viungo vya spishi hii kwa karibu. Mwombaji Alifu alifanya mtihani wa kidato cha nne 2018 akiwa shuleni, akapata namba inayoanza na herufi S. Matokeo hayakumfurahisha. Mwaka uliofuata akarudia masomo mawili kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata namba nyingine inayoanza na P, na safari hii hisabati ikakubali. Akaendelea hadi akamaliza stashahada. Alipoomba chuo alitumia namba ya S, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye cheti kilichokuwa juu ya bahasha. Alipofika kwenye OLAMS akaulizwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, akafikiri kama binadamu yeyote mwenye akili: akaweka ile yenye matokeo mazuri.

Mfumo ukaipokea, maana namba ni halali na jina ni lake. Kontrol namba ikatoka, akalipa, akajaza kurasa zote. Kosa liko kwenye kitu kisichoonekana kwenye kioo. Bodi hukutanisha orodha mbili, ya walioomba mkopo na ya waliodahiliwa vyuoni, na kinachoziunganisha ni namba ya kidato cha nne. Ndiyo maana mwongozo unasema, kwa sentensi moja isiyo na makeke, kwamba mwombaji atumie namba ile ile aliyoombea chuo. Kwa hiyo Alifu yupo mara mbili: kwenye orodha ya vyuo ni mwanafunzi wa S asiyehitaji mkopo, na kwenye orodha ya Bodi ni mhitaji wa P asiye na chuo.

Dalili ilikuwepo tangu mwanzo, na ingemchukua muda mfupi kuigundua. Kabla ya kufungua akaunti, angeingia kwenye akaunti yake ya udahili, akasoma namba iliyopo pale, akainakili herufi kwa herufi, pamoja na mwaka ulioko mwishoni baada ya mkwaju. Badala yake aligundua kosa hilo Oktoba, majina yalipotoka na la kwake halimo. Alifu alichelewa. Lakini hata anayeligundua Agosti bado anakabiliwa na kazi ya kuanza upya kwa namba sahihi, kontrol namba mpya, na saini zote kuanzia ya kwanza.

Na tukitaja saini, hapa ndipo sharti la mfuatano linapofikia kilele cha usanii wake. Fomu hujazwa kwenye mfumo, huprintiwa, husainiwa na mwombaji na mdhamini, huthibitishwa na serikali ya mtaa au kijiji, kisha hupelekwa kwa hakimu au wakili kwa ajili ya kiapo. Baada ya hapo kurasa zenye saini huskaniwa na kupakiwa tena, ndipo maombi yawasilishwe. Kila kituo kina gharama yake: nauli ya kumfuata mdhamini, chochote cha mwenyekiti asiyepatikana ofisini, ada ya wakili. Msoma-Vichwa huprinti mapema ili “aanze kutafuta saini”, akiwa bado hajahakiki namba ya NIDA ya mdhamini. Akirudi na mihuri yote, anagundua tarakimu moja imekosewa. Akirekebisha, fomu iliyoko kwenye mfumo na iliyopigwa muhuri si fomu moja tena. Tumeshuhudia mdhamini, mjomba wa mtu, akisaini mara ya tatu kwa kalamu iliyokwisha wino na uvumilivu pamoja.

Kuna spishi nyingine ndogo ambayo hatutaichambua sana: anayelipa, anayejaza, anayepakia, kisha asibonyeze kitufe cha kuwasilisha kwa kudhani kwamba malipo ndiyo maombi. Wanazuoni wanabishana kama huyu ni mwombaji au mchangiaji.

Imebaki spishi ya mwisho, nayo haiombi mkopo kabisa. Ni Msoma-wa-Mwaka-Jana, anayekaa upande wa pili wa kaunta. Amejaza fomu za watu wengi kuliko ofisa yeyote, anaandika bila kutazama kibodi, na mwongozo alionao aliupakua misimu miwili iliyopita. Ujuzi wake ni wa kweli katika mambo ambayo hayajabadilika. Yale yaliyobadilika hana habari nayo, na kasi yake haimpi mteja nafasi ya kuuliza. Njia rahisi ya kumtambua ni kumwomba akuonyeshe mwongozo anaoutumia, kisha utazame mwaka wa masomo ulioandikwa kwenye jalada. Jambo jingine la kutazama ni namba ya simu anayoijaza: ikiwa ni yake badala ya yako, ujumbe wote wa Bodi utamfikia yeye, na steshenari hiyo Oktoba huwa imeshageuka kibanda cha chipsi.

Watetezi wa kiumbe wetu husema Bodi hutoa muda wa marekebisho baada ya dirisha kufungwa. Ni kweli, mara nyingi hufanya hivyo. Lakini muda huo ni mfupi, na unatibu hasa masharti ya karatasi: saini iliyokosekana, cheti kilichopakiwa kikiwa na ukungu, kiambatisho kilichosahaulika. Haumpunguzii mtu umri, wala haumhamishi Alifu kutoka P kwenda S. Tangazo la marekebisho nalo lina maelekezo yake: nani anahusika, aingie wapi, apakie nini, mwisho lini. Utafiti wa awali unaonyesha kwamba kiumbe wetu hulisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ndani ya dakika chache, likiwa na maneno “wahi, dirisha limefunguliwa tena”, na kwamba wengi wa wanaokimbilia steshenari usiku huo maombi yao hayakuwa na kasoro yoyote.