Wanyonyi Asiye na Y ya Pili

Chini ya mwavuli mmoja pale Kitale, wakala wa laini alimbatiza upya mzee wa watu. Kitambulisho kilisema Wanyonyi. Simu ikasema Wanyoni. Herufi moja, tena ya bure, lakini mtandao hauna ukoo Bungoma wala haujui kwamba ni mtu yule yule.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliposema laini zisizosajiliwa ipasavyo zitafungwa, kwanza Aprili 15 kisha Oktoba 15, foleni zilijaa watu waliokuja kujithibitisha. Waliobaki nyumbani walitegemea kwamba jirani zao wanawafahamu.

Dawa yenyewe haina uganga. Kwenye laini ya Safaricom, bonyeza *106# uone usajili wako. Kama nambari ya kitambulisho ni yako na jina ndilo limepinda, nenda dukani na kitambulisho halisi, siyo picha yake kwenye simu ya mjukuu, warekebishe herufi. Kabla hujaondoka, mwombe mtu aanze kukutumia shilingi kumi kwa M-Pesa. Jina litajitokeza kabla hajathibitisha. Asome kwa sauti.

Ugonjwa mkubwa ni laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji wa Bungoma, enzi za mapenzi. Hapo hurekebishi herufi, unahamisha umiliki, na shemeji lazima aje na kitambulisho chake. Kama mlikosana kuhusu ng'ombe wa mahari, basi mrudishie kwanza ng'ombe.