Bosi Anayehesabu Matone: Kutoka Sita Hadi Moja

Ukishika barabara ya Kahama kwenda Geita kupitia Kakola, utaona kando ya njia matenki ya zege yamejaa mchanga wa kijivu. Hizo ni planti za marudio. Mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kupitishwa kwenye kialo unarudishwa kazini, safari hii kwa sayanaidi, kwa sababu zebaki huacha nyuma dhahabu nyingi. Kwenye planti moja ya namna hiyo nilikuwa msimamizi wa zamu, chini ya bosi aliyetaka kushika kila koki kwa mkono wake.

Simlaumu kwa kuwa na shaka. Jasho la miezi, malori ya mchanga, mapipa ya sayanaidi, vyote huishia kuwa kipande kinachotosha mfuko wa shati, na bosi wa dhahabu asiye na shaka hamalizi mwaka. Ninachobishana naye ni mahali anapoiweka hiyo shaka. Twende basi, ndugu zangu wa zamu, kutoka kero nyepesi hadi ile nzito.

6. Simu ya saa nane usiku

"Maji yanatoka?" Yanatoka, mzee. "Yanatoka vizuri?" Vizuri, mzee. "Vizuri vipi?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu "vizuri" haina kipimo. Dawa yake nilichelewa kuijua: weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba na hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, mwambie sekunde 40. Bosi wa aina hii ana njaa ya namba, na neno tupu halimshibishi. Ukimpa namba analala, nawe unarudi kwenye chai yako kabla haijapoa.

5. Picha ya kila kitu

Kila saa alitaka picha ya kipimo cha pH kwenye Watsapu. Tulituma. 10.8, 10.8, 10.8, usiku kucha. Simu imejaa picha, chaji imekwisha, bosi ameridhika.

Ila picha huonyesha kioo kinasema nini, haionyeshi kama kioo kinasema kweli. Ncha ya kipimo inayokaa kwenye maji ya chokaa hujijengea ganda jeupe, na ikifika hapo inachelewa kusoma au inaganda palepale. Namba isiyotikisika usiku mzima ndiyo ilipaswa kutushtua, maana tenki halisi hupanda na kushuka kidogo. Tuliposafisha ncha na kuijaribu kwenye maji ya majaribio ya pH 7 na 10, ilisoma pembeni kabisa. Picha moja ya jaribio hilo mwanzoni mwa zamu ina thamani kuliko zile kumi na mbili. Nilimpelekea hiyo moja, na chini yake nikaandika: "Mzee, hii ndiyo mama yao."

4. Kukupokonya mrija mkononi

Hii inauma, maana hutokea mbele ya vijana uliowafundisha. Unapima nguvu ya sayanaidi. Umechuja mililita 25 za maji ya tenki, umeweka matone machache ya iodidi ya potasiamu, unadondosha nitrati ya fedha taratibu huku ukingoja ukungu wa manjano ujitokeze na usipotee. Mara mkono unapita begani: "Lete hapa, mtaharibu."

Kwetu nitrati ilikuwa imechanganywa gramu 4.33 kwa lita, hivyo kila mililita moja iliyotumika ilimaanisha sayanaidi ya ppm 100. Mililita sita ni 600. Nilikuwa nimefika karibu na tano aliponipokonya mrija. Hakujua nilianzia alama gani, akaendelea hadi maji yakawa manjano mazito, akatangaza 800. Kwa hiyo hatukuongeza sayanaidi zamu ile. Kumbe tenki lilikuwa na njaa, na siku tatu baadaye maji yaliyokuwa yakiingia kwenye kaboni yalikuwa mepesi, hayana dhahabu ya maana.

Kipimo cha namna hii kina mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Bosi akitaka kuhakikisha, na ana haki hiyo, achote mililita 25 nyingine apime peke yake. Namba mbili zikikaribiana, wote wawili wako sawa. Zikipishana mbali, mpime mara ya tatu. Hiyo ni shaka yenye faida. Mzee, mrija mmoja kwa watu wawili ni wa pombe ya kienyeji tu.

3. Ufunguo mmoja, na uko Mwanza

Sayanaidi ilikuwa stoo. Chokaa nayo ilikuwa stoo hiyohiyo. Ufunguo ulikuwa kwenye suruali ya bosi, na suruali ilikuwa Mwanza harusini.

Hapa naomba tuache utani kwa dakika moja. Maji ya sayanaidi yanatakiwa yakae kwenye pH ya 10.5 au zaidi, na chokaa ndiyo inayoyashikilia hapo. Yakishuka kuelekea 9, sayanaidi inaanza kugeuka gesi na kupanda hewani. Gesi hiyo inaua, na wapo watu ambao pua zao haziisikii harufu yake hata kidogo. Usiku ule mchanga mpya ulikuwa na asidi nyingi, pH ikawa inateremka, na kilichohitajika ni mifuko mitatu ya chokaa iliyokuwa nyuma ya mlango. Niliwaondoa vijana wote, nikawapandisha upande upepo unakotoka, tukafunga pampu. Tulikesha tumekaa nje tukiutazama mlango.

Bosi aliporudi hakuvunja ukimya kwa siku nzima. Kesho yake ndiye mwenyewe aliyeleta mafundi. Chokaa ikajengewa banda lake la wazi, na zamu ikaruhusiwa kutumia hadi mifuko mitano bila kuuliza mtu, mradi iandikwe. Sayanaidi ikabaki ndani, mlango ukawekewa kufuli mbili za watu wawili tofauti waliopo planti. Kile kinachookoa kiwe karibu, kile kinachoua kiwe na walinzi wawili. Hata bibi yangu kule Shinyanga alipanga hivyo dawa ya ng'ombe na maji ya kunywa.

2. Kilo 33 zilizopotea

Siku hii ndiyo karibu nipige teke ndoo niende zangu.

Dhahabu ikishayeyuka kwenye maji hunaswa na kaboni, yale makaa yanayotengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kaboni ikishiba hutolewa, hutiwa kwenye viroba, na baada ya kibali cha Ofisi ya Madini hupelekwa elusheni, ambako dhahabu hukamuliwa kwa maji ya moto yenye kemikali. Jioni tulipima viroba vyetu mbele ya bosi: kilo 320. Akaandika mwenyewe, akaweka sili mwenyewe. Asubuhi akapima tena kabla ya kupakia: kilo 287.

Sili zote zilikuwa nzima. Haikusaidia. Tulipangwa mstari kama watoto waliovunja chungu, mifuko ikageuzwa, mabuti yakakung'utwa. Mlinzi, mzee wa watu mwenye wajukuu, aliambiwa avue kofia. "Kilo 33 zimeruka?" Hilo swali lilinichoma, kwa sababu aliyelala pale usiku kucha alikuwa ni mimi.

Bahati yetu ni kwamba binti wa maabara alichukua sampuli ya gramu 200 jioni, na nyingine ya gramu 200 asubuhi, kutoka kwenye viroba vyote kidogokidogo. Akazikausha kwenye tanuri lake kwa nyuzi joto 105 mpaka uzito ukaacha kushuka. Ya jioni ilibaki gramu 110, yaani asilimia 55 ndiyo ilikuwa kaboni na iliyobaki ni maji. Ya asubuhi ilibaki gramu 122.6, yaani asilimia 61.3. Piga sasa: asilimia 55 ya 320 ni kilo 176. Asilimia 61.3 ya 287 ni kilo 175.9.

Kaboni ilikuwepo yote. Kilichotoroka ni maji, yalivuja kupitia kwenye viroba na kutengeneza dimbwi ambalo bosi alikuwa amesimama ndani yake akitupekua.

Tangu siku hiyo hatukuhesabu tena kaboni pamoja na maji yake. Sampuli ikawa inagawanywa mara tatu: moja ya maabara, moja ya bosi, moja inafungwa kwa sili na kuwekwa kabatini mpaka dhahabu itoke elusheni na hesabu zifungwe. Likizuka neno, linafunguliwa kabati, havuliwi mtu kofia. Bosi alimfuata mlinzi kibandani kwake akamwomba radhi, na nilimheshimu kwa hilo.

1. Mama wa karasha alikwisha jibu zamani

Nilikuwa nikijiona mgunduzi, na hizi kufuli mbili na sampuli tatu, mpaka nilipokwenda Nyarugusu kununua marudio. Nikaketi karashani kwa mama mmoja mwenye mashine nne.

Pale mawe ya duara yanapoletwa kusagwa, haji mtu mmoja. Mwenye leseni ana mtu wake, mwenye duara ana wake, wachimbaji wana wao. Viroba vimehesabiwa na kugawanywa kwa kuonana uso kwa uso, kila upande na fungu lake, kwa mgao unaotofautiana duara na duara. Kila mmoja anakaa na viroba vyake hadi kialoni. Mama mwenyewe alikuwa kivulini anachambua mchicha.

"Mama, huendi kuangalia?"

"Niangalie nini, mwanangu? Mimi nikiangalia, ni macho mawili. Wale pale wako sita, na hakuna anayempenda mwenzake kiasi cha kumwachia punje. Mimi naangalia injini isiungue, maana hiyo haina mtu wake."

Nilirudi Kahama na maneno hayo, nikamwambia bosi yote, na mchicha nao. Nikamwomba aandike vitu vitatu ambavyo lazima avione kwa macho yake. Aliandika kumi na moja. Tukabishana hadi magharibi, vikabaki vinne: sayanaidi inapoingia stoo, kaboni inapotoka kwenye tenki, elusheni inapofunguliwa, na mauzo kwenye soko la madini la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019. Kwa mengine akakubali daftari la zamu, analisoma saa moja asubuhi na kusaini, na akiwa na swali analiandika pembeni ya namba.

Juzi simu iliita tena saa nane usiku. Nikajua, ametunyima usingizi tena.

"Kufuli la kwanza lipo?"

"Lipo, mzee."

"Na la pili?"

"Lipo."

"Ndoo?"

"Sekunde 41."

"Haya, kijana. Nimeota vibaya tu. Kunywa chai."