Barua ya Wazi kwa Msajili: Nakala Imefika

Mheshimiwa Msajili wa Baraza la Madaktari,

YAH: SHUKRANI KWA KUSHUGHULIKIA LALAMIKO LANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni intani, daktari mwenye usajili wa muda, ninayezungushwa idara za hospitali kwa miezi 12.

Nikiwa idara ya upasuaji, daktari bingwa alinirushia sahani ya chuma yenye mikasi kwa kuwa nilimpa uzi asioutaka. Nililalamika kama mnavyoagiza: kwa maandishi, kwa jina na sahihi, nikataja tarehe, saa, maneno yake neno kwa neno na waliokuwepo. Nanyi mkampelekea nakala ajibu. Ni haki, mtuhumiwa lazima asikilizwe. Ila bingwa huyo ndiye msimamizi wangu, na bila sahihi yake kwenye kitabu changu cha mafunzo sipati usajili kamili. Nakala ilimfikia Jumatatu. Jumanne akasema kitabu hakionekani.

Mkadai mashahidi. Wapo watatu: muuguzi wa theta anayepangwa naye kila siku, na maintani wawili ambao vitabu vyao viko mezani kwake vikingoja sahihi. Ajabu ni kwamba siku ile wote watatu walikuwa wakitazama ukuta.

Hatimaye mkaniandikia kuwa matusi kazini ni suala la mwajiri. Mwajiri alikuwa ameshaniambia kuwa maadili ya udaktari ni suala la Baraza. Nawashukuru nyote kwa mazoezi ya miguu.

Sasa naleta lalamiko upya, safari hii likiwa na mgonjwa ndani yake. Saa 8 usiku, mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji alianza kushuka presha huku mapigo ya moyo yakienda mbio. Hata mwanafunzi angeshuku damu inavuja ndani. Nilipaswa kumpigia bingwa papo hapo. Nilimpigia baada ya dakika 40, kwa sababu mara ya mwisho nilipomwamsha alinitukana wodini mbele ya wagonjwa. Dakika zote hizo nilikuwa naongeza dripu na kuomba Mungu. Mama alirudishwa theta, akapona. Kuchelewa ni kosa langu, na nimejiripoti hapa. Lakini hofu iliyonichelewesha nilifundishwa na sahani ile, na usalama wa mgonjwa hamwezi kusema ni suala la mwajiri.

Naomba mawili. Kabla nakala ya lalamiko haijatoka ofisini kwako, mlalamikaji ahamishiwe kwa msimamizi mwingine wa kusaini kitabu chake. Na mashahidi wahojiwe faragha, vitabu vyao vikishasainiwa. Hayo yakishindikana, fomu yenu iongezewe swali moja: sahani uliyorushiwa ilikuwa na vifaa au tupu?

Wako mtiifu,
Intani
(Jina kamili limo kwenye nakala mliyompelekea.)