Namna ya Kuandika Kanuni za Darasa Ambazo Watoto Wametunga Bila Kujua

Ndugu mwalimu, habari imekufikia: inspekta anapita Jumanne. Safari hii hatosheki na daftari la maandalio. Anataka mpango wa nidhamu wa darasa, wenye kanuni zilizotungwa pamoja na wanafunzi, na wenye pongezi mahali pa fimbo. Wewe uko hapa Kisangani, mwaka wa nne wa msingi, watoto 62 kwenye benchi 13. Tangu masomo ya msingi yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, watoto wameongezeka na benchi zimebaki zile zile. Nani atakulaumu ukitafuta njia ya mkato? Si mimi. Njia hizi nimezipita zote, na viatu vyangu vinazijua.

Kwanza: tunga peke yako, usiku, ukiwa umeshiba.

Andika kanuni zako kwenye karatasi. Asubuhi ingia darasani, ifiche ndani ya kitabu cha hesabu, uliza: "Watoto, tuweke kanuni gani?" Mmoja atasema tusipige kelele. Mshangae, kana kwamba hukutegemea, kisha andika. Mwingine atasema tusichelewe. Andika. Jibu lisilo kwenye karatasi yako, itikia "mhm" na mgeukie mwenzake. Ndani ya dakika 10 watoto wametunga kile ulichotunga jana.

Jihadhari na mtoto mmoja tu, yule wa benchi ya nyuma. Atasimama aseme: "Mwalimu asiseme mtu ni mjinga." Darasa litanyamaza, macho yote kwako. Usibabaike. Tabasamu, sema "wazo zuri sana", kisha andika ubaoni: *Tuheshimiane*. Umemshukuru, na kanuni yake umeizika papo hapo.

Nakuonya kuhusu njia ndefu, usije ukaiingia kwa bahati mbaya. Huko mwalimu huuliza benchi moja moja: ni kitu gani kinakuzuia kujifunza humu ndani? Kila benchi inaongea dakika 5 na kuleta sentensi moja. Zinakuja 13. Nusu zinafanana, kwa hiyo zinaunganishwa. Kila "usifanye" inageuzwa kuwa "tufanye". Watoto wanapiga kura kwa mikono, zinabaki 4, na angalau moja inamgusa mwalimu mwenyewe. Wanazijaribu wiki nzima, Ijumaa wanarekebisha ile iliyoshindikana. Kuzitunga tu kunakula siku mbili, na mwisho wake watoto wanaanza kukumbushana kanuni bila wewe. Mwalimu asiyehitajika kupiga kelele ataonekanaje na kina baba wanaopita barabarani?

Pili: andika mambo yasiyoonekana.

Weka kanuni 14. Tumia *nidhamu*, *heshima*, *utii*, *usafi wa moyo*. Uzuri wa maneno haya ni kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha kama yamefuatwa, kwa hiyo kila siku unaamua wewe kulingana na ulivyolala. Ziandike kwa Kifaransa kizito. Watoto wanacheza kwa Kiswahili na kugombana kwa Lingala. Kanuni wasiyoielewa hawataikubishia.

Usithubutu kuandika kitu kama hiki: "Kengele ikilia, tunaingia, tunakaa, tunatoa daftari kabla mwalimu hajamaliza kuandika tarehe." Hiyo hata mpita njia dirishani anaona kama imefuatwa au la. Mbaya zaidi, ingebidi uifundishe kama unavyofundisha kuzidisha: watoke nje, mpige ile rimu ya gari inayotumika kama kengele, waingie, warudie mara tatu, na tena Jumatatu baada ya mapumziko. Nani ana muda huo? Bandika karatasi ukutani, utosheke.

Na kuchelewa kusikupotezee usingizi. Aliyechelewa amechelewa. Usimuulize kama anakaa ng'ambo, Lubunga, na leo mtumbwi ulisubiri ujae. Ukianza kuuliza sababu, utagundua kwamba anayetoroka mazoezi ya kusoma na anayetaka tu umtazame wanafanya kosa moja kwa sababu mbili, na kila mmoja anahitaji dawa yake. Adhabu moja kwa wote ni rahisi zaidi kukumbuka.

Tatu: mpe shefu wa darasa chaki.

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, tukae nayo kidogo. Ukienda ofisini kwa direkta, mwambie shefu wa darasa aandike ubaoni majina ya wapiga kelele. Ukirudi, majina yako pale, safi. Unayasoma kwa sauti, moja baada ya lingine. Wenye majina wanasimama, wenzao wanacheka chinichini. Jina lenye misalaba mitatu linachekewa zaidi.

Angalia uso wa mwenye misalaba mitatu. Ni mtoto ambaye tangu Septemba jina lake halijaitwa kwa jambo jema lolote. Leo limeandikwa kwa herufi kubwa, limesomwa na mwalimu, na watu 61 wamegeuka kumtazama. Kesho atataka minne. Kuhusu shefu wa darasa, naye amejifunza biashara: anayempa nusu ya andazi hafiki ubaoni.

Mwaka 1968 watafiti watatu wa Marekani, Madsen, Becker na Thomas, walichapisha kazi waliyoifanya na walimu wawili wa shule ya msingi. Kwanza walimu waliwawekea watoto kanuni, basi. Karibu hakuna kilichobadilika. Mambo yalitengemaa pale walimu walipoyapuuza makosa madogo na, wakati huo huo, kumsifu anayefanya inavyotakiwa. Kupuuza peke yake, bila sifa, hakukutoa matunda ya kuaminika. Habari hiyo isimfikie inspekta. Akiisikia, anaweza kuuliza kwa nini ubao wako haujawahi kuwa na orodha ya pili, ya waliokuwa wakisoma wakati wenzao wanapiga kelele.

Nne: sifu jumla, zawadia kwa kuchelewa.

Inspekta anataka pongezi, basi mpe pongezi. Sema "vizuri!" kila baada ya sentensi, kwa wote, ukitazama dirishani. Usitaje kilichokuwa kizuri. Ukisema, "Benchi ya tano, mmetoa daftari kabla sijafika mwezi wa tarehe," benchi ya sita itasikia nayo itatoa daftari, na utajikuta na darasa linalofanya kazi.

Zawadi zitoe mwisho wa mwaka, kwa wale watatu wa kila mwaka. Wengine 59 watapiga makofi.

Darasa likichafuka, tumia pipi: "Mkinyamaza nitawapa pipi!" Watanyamaza, naapa. Watakuwa wamejifunza bei ya ukimya na namna ya kuiita sokoni: piga kelele kwanza. Tofauti ya pongezi na hongo ni saa tu. Hongo inatangazwa katikati ya vurugu ili ikome, pongezi inafuata tendo jema lililokwisha kufanyika, sekunde chache baadaye.

Na ukimwona mtoto anayesoma kwa sababu anapenda kusoma, mwahidi cheti haraka. Lepper, Greene na Nisbett walijaribu jambo la namna hiyo kwa watoto wadogo waliopenda kuchora, wakachapisha mwaka 1973: walioahidiwa cheti ili wachore walikuja kupunguza kuchora baadaye, wakati waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungua. Zawadi ni ya kumsukuma asiyeanza. Wewe mpe yule anayekimbia tayari, umsimamishe.

Usikubali kamwe zawadi zisizo na gharama: kugonga ile rimu, kubeba chaki, kuchagua wimbo wa kufungia siku, benchi yenye pointi kutoka kwanza. Watoto wanazipenda mno, na mwalimu asiyetumia hata faranga moja atalalamika nini mwisho wa mwezi?

Tano: usihesabu.

Nilifanya kosa hili mara moja, katika shule moja ambayo sitaitaja. Darasa langu lilikuwa linachelewa kutulia baada ya mapumziko, nikaanza kuandika nyuma ya daftari dakika kati ya kengele na mtoto wa mwisho kuandika tarehe. Siku tatu za kwanza zilikuwa 14, 11, 15. Kumbe kwa wiki nilikuwa napoteza zaidi ya saa moja, na mimi nikiamini ni "dakika mbili tatu tu".

Nikayumba zaidi. Tukakubaliana kanuni moja ya kuingia, tukaifanyia mazoezi, na kila benchi iliyokuwa tayari kabla ya tarehe kukamilika ilipata alama. Benchi zote zingeweza kupata, maana hazikushindana. Alama nne kwa wiki, Ijumaa mnachagua wimbo. Siku ya pili zikawa 9. Wiki ya pili zikawa 5. Wiki ya tatu zikapanda tena kuwa 8, na hapo ndipo daftari lilinisaliti, maana halikuwaonyesha watoto bali mimi: nilikuwa nimeacha kutoa alama tangu Jumatano kwa sababu nilichoka. Nilipozirudisha, dakika zikashuka tena.

Benchi moja haikusogea hata hivyo. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akiiharibia kwa makusudi, wenzake wakaanza kumkanyaga miguu. Nikamfanya benchi peke yake, na alama zake mwenyewe, kuanzia alama mbili kwa wiki. Akazipata. Wimbo aliochagua ulikuwa mbaya sana, tukauimba.

Unaona hatari? Usipohesabu, mpango wako haushindwi kamwe.

Sita: fimbo iweke kabatini.

Usiitupe. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka nidhamu ya shule itolewe kwa namna inayomheshimu mtoto kama binadamu, na inspekta anaijua. Kwa hiyo mlango wa kabati ufungwe vizuri. Watoto wanajua kilichomo, na wakati wa ukaguzi watakaa kimya kiasi kwamba inspekta ataandika "hali nzuri ya darasa". Asipowauliza kwa nini wanatazama kabati, umepita.

Yaliyobaki ni madogo: tarehe, saini ya shefu wa darasa, alama za vidole za wanafunzi wachache chini ya karatasi, wino wa bluu unapendeza. Na Jumatatu jioni, kabla ya kufunga darasa, chukua kitambaa chenye maji ufute lile jina lenye misalaba mitatu. Limekaa ubaoni tangu wiki jana, na chaki kavu haitoki kwa mkono.